Ndoo ya Asali Tuliyopeleka Ushirombo

Nyie vijana mtakaosoma haya, nimewaona mkinunua asali barabarani. Mnashuka kwenye gari, mnaomba kiberiti, mnachovya njiti kwenye asali ya watu, mnakwaruza. Ikiwaka mnalipa na kuondoka mnacheka, kana kwamba mmemkamata mwizi. Isipowaka mnamtukana mwenye asali. Kaeni chini kidogo. Sitawapigia kelele. Nitawaambia jinsi njiti iliyowaka vizuri kabisa ilivyomharibia mjukuu wangu ndoa.

Sisi watu wa Mhunze, wilayani Kishapu, ni watu wa pamba na ng'ombe. Ardhi yetu ni mbuga nyeusi, miti ya kuhesabika, na nyuki tunaowaona ni wale wanaopita wakielekea kwingine. Asali kwetu ni dawa ya kikohozi, inakaa kwenye kichupa nyuma ya kabati, mtoto haigusi mpaka akohoe. Mtu wa Kishapu ukimuuliza habari za ng'ombe atakuambia mpaka bibi yake ng'ombe huyo alizaliwa wapi. Ukimuuliza asali atakuambia ni tamu.

Mjukuu wangu mkubwa alikwenda Geita kutafuta maisha. Alipata kazi kwenye karasha, wanaposaga mawe ya dhahabu, akawa anarudi jioni na vumbi mpaka kwenye kope. Alipanga chumba Kalangalala, na hapo jirani palikuwa na binti anashona nguo kwenye kibaraza cha duka. Alipeleka suruali kushonwa zipu. Baadaye akawa anapeleka suruali nzima nzima, hazina tatizo lolote, mpaka binti akamwambia, "Kaka, sema unachotaka, zipu zako zimeisha." Hivyo ndivyo walivyoanza. Binti alikuwa wa familia ya Wakatoliki, wakulima wa vijiji vya nje ya Ushirombo, na wazee wake walikuwa na mizinga msituni tangu enzi za babu zao. Kwao nyuki ndio ng'ombe.

Alimleta Mhunze nimwone. Aliingia jikoni bila kuambiwa, akapepeta choroko, akatoa mawe mengi kuliko niliyokuwa nimeyaona mimi. Nikampenda. Sisemi zaidi ya hapo.

Mahari ilipangwa kupitia mshenga, mzee mmoja wa kanisani kwetu. Ng'ombe walikubaliwa bila kelele. Mshenga aliporudi kutoka Ushirombo alisema kuna jambo moja limebaki, la kina bibi. Kwao binti haondoki mpaka bibi zake waliomlea wameonja asali iliyoletwa na upande wa mume. Ndoo moja ndogo inatosha.

"Wamesema hawataki nyingi," mshenga akatuambia. "Wamesema iwe asali tu."

Sote tulisikia neno "tu". Hakuna aliyesikia "iwe asali".

Sasa niwaambie habari ya mwanangu, baba wa huyo kijana, maana bila kumjua yeye hamtaelewa. Mwanangu alikuwa mpima pamba kwenye ghala kwa miaka mingi. Nyie mnaijua kazi ile. Mkulima analeta robota, wewe unafungua, unaingiza mkono mpaka kwapani, unatafuta mchanga, unatafuta mawe, unatafuta pamba iliyomwagiwa maji ili iwe nzito. Mwanangu alikuwa hodari. Aliwakamata majirani, aliwakamata mashemeji, alimkamata mpaka baba yake mdogo na tofali ndani ya robota. Pamba nyeupe isiyo na jani wala kokwa ni safi, inalala huku. Yenye uchafu na madoa ni fifi, inalala kule. Kwa miaka yote hiyo jicho lake lilijifunza jambo moja, kwamba kinachong'aa ni kizuri na chenye takataka kina wizi ndani. Kwenye pamba hakukosea. Akaja akaibeba akili hiyo hiyo mpaka kwenye asali.

Nilimwambia tutume mtu akanunue asali huko huko kwa warinaji wa asali wa Bukombe, wilaya yao. Alikataa, na katika hilo alikuwa na sababu. "Mama, tukinunua kwao, kila mtu atajua. Tutakuwa tumewapelekea asali yao wenyewe. Tutanunua njiani. Mimi hakuna wa kunidanganya."

Tukasafiri mwezi wa nane, pamba ikiwa imeshauzwa. Tulikodi gari dogo: mwanangu, mke wake, mshenga, na mimi. Mjukuu angetoka Geita na kutukuta huko. Tulipita Shinyanga, tukapita Tinde, tukapita Isaka, na tulipofika Kagongwa mwanangu akamwambia dereva asimame, maana pale kando ya barabara wauza asali walikuwa wamejipanga.

Wa kwanza alikuwa mama wa makamo, amekaa kwenye kigoda chini ya mwavuli uliopasuka, na ndoo moja na madumu machache. Akanisalimia mimi kwanza kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu," yaani umeamkaje mama, nikamwitikia, akanifuta kigoda kingine kwa kanga yake nikae. Mwanangu akafungua ndoo. Ndani asali ilikuwa imeganda, ya rangi ya kahawia iliyofifia, imekaa kama samli. Juu yake palikuwa na majimaji kidogo meusi yanayong'aa, na ndani ya majimaji hayo vipande vya nta na kitu kama mguu wa nyuki. Ilinuka moshi.

"Mbona chafu hii?" mwanangu akauliza.

"Si uchafu, baba. Ni nta. Naichuja kwa kitambaa, vingine vinapita. Hii ya misitu ya Ushetu, anarina shemeji yangu mwenyewe, mwezi wa sita. Imeganda kwa baridi hii iliyopita. Ukiweka chombo kwenye maji ya moto inarudi kuwa laini. Usiibandike jikoni tu, utaiua harufu."

"Asali haigandi. Sukari ndiyo inaganda."

"Asali inaganda, baba."

"Nipe kiberiti."

Yule mama hakukataa. Akatoa kiberiti chake cha kuwashia jiko. Mwanangu akachovya njiti pale juu, kwenye yale majimaji. Yule mama akanyoosha mkono haraka. "Koroga kwanza, baba. Asali ikiganda, maji yake yanapanda juu. Hapo unapima maji yake, hupimi asali."

Hakukoroga. Alikwaruza njiti, ikakwama. Akakwaruza tena, kichwa cha njiti kikasagika kama majivu. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na jamaa mwenye kofia ya mjanja, amepanga chupa zake juu ya benchi zikitazamana na jua, akapaza sauti:

"Mzee! Unamaliza kiberiti cha watu bure! Njoo huku uone asali inayowaka kama petroli!"

Watu wakacheka. Mwanangu naye akacheka. Tukavuka barabara.

Siwezi kuwaficha, chupa zile zilikuwa nzuri kutazama. Jua lilipita ndani yake na kutokea upande wa pili. Hakuna uchafu, hakuna mguu wa nyuki. Na kwenye ndoo aliyotufungulia palikuwa na kipande cha sega kinaelea katikati, kimekaa kama kimewekwa kwa mkono, maana kweli kiliwekwa kwa mkono. Yule jamaa hakungoja kuombwa. Akachovya njiti, akakwaruza, ikawaka moto mkubwa. Akatoa glasi ya maji, akadondosha tone, likazama mpaka chini bila kutawanyika. Akadondosha lingine kwenye kipande cha gazeti, likakaa juu ya karatasi bila kulowesha.

"Mzee," akasema, "mimi siuzi maneno. Mimi nauza ushahidi."

Mwanangu akageuka kututazama kama mtu aliyefungua robota akakuta pamba nyeupe mpaka chini. "Hii ndiyo safi. Ile ya kule ni fifi."

Nilionja zote mbili, maana ya yule mama nilikuwa nimeichovya ikabaki kwenye kidole. Ya yule mama ilianza na moshi, ikaja utamu, halafu ikanikwaruza koo nikakohoa, na baada ya kukohoa bado kulikuwa na kitu kama harufu ya maua makavu kinapanda puani. Ya yule jamaa ilikuwa tamu sana ulimini, harufu ya asali ilikuwepo kwa mbali, kisha ikaisha. Ilikwisha kabla sijameza.

"Mwanangu," nikasema, "ya yule mama imenishika koo. Hii haina kitu nyuma yake."

"Kukwaruza koo ni uchafu, mama."

"Hapana. Hata ile ya kikohozi tuliyokuwa tunawapa mkiwa wadogo ilikuwa inakwaruza."

Mkwe wangu, mke wake, akaingilia, "Lakini mama, jamani, tutawapelekea wakwe kitu kimeganda kama mafuta ya ng'ombe? Watasema tumeokota wapi? Hii hata ukiiweka sebuleni inapendeza."

Mshenga akatazama saa. "Tutachelewa. Asali ni asali."

Nilirudia mara nyingine, kwa sauti. Mwanangu akaniambia, mbele ya yule jamaa wa kofia, "Mama, wewe unajua kulima pamba. Kupima niachie mimi." Akalipa.

Kama angeishia hapo, ningesema alikosea kama watu wanavyokosea. Lakini wakati tunarudi kwenye gari alimpitia yule mama wa mwavuli. Pale walikuwa wamesimama wateja wawili walioshuka kwenye lori, wameshika madumu yake tayari. Mwanangu akasema, kwa ile sauti yake ya ghalani, "Wewe mama, unawauzia watu sukari guru mchana kweupe. Ungekuwa ghalani kwangu ningekurudisha na mzigo wako mbele ya foleni."

Wale wawili wakaweka madumu chini. Mmoja akaenda moja kwa moja kwa yule jamaa wa kofia. Yule mama alinitazama mimi. Nilimwambia, "Nisamehe mayu," akaniambia, "Safari njema, mayu." Kisha akaifunika ndoo yake.

Tulifika Ushirombo mchana. Mjukuu wangu alikuwa ameshatangulia, amevaa shati jipya bado lina mikunjo ya dukani. Tulipokewa vizuri. Wali, nyama ya mbuzi, maji ya kunawa yaliyowekwa limau. Bibi mzaa baba wa binti, mwanamke mfupi mwenye rozari shingoni, alinishika mkono, akaniketisha mkekani karibu naye, akaniita "bibi mwenzangu". Tuliongea habari za magoti na habari za mvua. Ilikuwa siku nzuri mpaka hapo.

Ndoo ikaletwa katikati. Kina bibi walikuwa watatu, na shangazi mmoja wa binti mwenye maneno mengi. Yule mfupi akafunua, akakiona kile kipande cha sega kinaelea, akakisukuma kando. Akachovya kijiti kisafi, akaonja. Akampa wa pili, wa pili akampa wa tatu. Wote watatu walikuwa wanatazama chini. Nilijua hapo hapo. Ukiwapikia wageni ugali mbichi unajua kwa jinsi wanavyonyamaza.

"Baba," yule bibi akamwambia mwanangu kwa upole, "asali hii imerinwa wapi?"

"Tumenunua Kagongwa, mama."

"Kagongwa ndipo ilipouzwa. Nauliza iliporinwa."

"Yule kijana aliyetuuzia ana asali safi sana."

"Ametaja msitu gani?"

"Hakutaja."

"Nani alirina? Mwezi gani?"

Yule shangazi akashindwa kujizuia. "Siku hizi nyuki wa Kagongwa wanatua kwenye lami?" Vijana waliokuwa mlangoni wakapasuka kicheko. Mjukuu wangu alikuwa amesimama nao, lakini uso wake ulibadilika nikauona.

Mwanangu akasimama. Nilimvuta shati, hakukubali. "Leteni kiberiti!" akasema. "Leteni kiberiti hapa!" Kikaletwa. Akachovya, akakwaruza, ikawaka. Akainua njiti juu inawaka, akawazungushia mmoja mmoja kama padri na mshumaa.

"Hata mafuta ya taa yanawaka, baba," yule bibi akasema.

Alipoona mwanangu bado amesimama, akamweleza taratibu, kama anavyomweleza mtoto. Kwamba sukari ukiichemsha mpaka maji yake yapungue kabisa, inakuwa nzito, itazama kwenye maji, itakaa juu ya karatasi, na njiti itawaka. Njiti inauliza kama kuna maji, haiulizi nyuki. Na asali ya nyuki kabisa, ikirinwa kabla masega hayajafunikwa, au ikifyonza unyevu, njiti inakataa. Akasema hata ulimi wake yeye unaweza kudanganywa, maana wauzaji wengine wanachanganya sukari na asali kidogo ya kweli ili harufu ibaki, na hii tuliyoleta alidhani imefanywa hivyo. "Ndiyo maana tunauliza msitu na mrinaji. Ulimi unakosea. Mtu unayemjua unarudi kwake."

Akaagiza bakuli kutoka ndani. Ilikuwa asali yao. Ilikuwa imeganda, ya kahawia iliyofifia, na juu yake majimaji kidogo. Akanipa kijiti. Nilionja ile tuliyoleta, kisha ile ya kwao. Koo likanishika, nikakohoa, na machozi yakanitoka, na si yote yalikuwa ya kukohoa. Mkwe wangu naye akaonja moja baada ya nyingine, akaweka kijiti chini bila kunitazama. Ukizionja pamoja hata mtoto anajua. Shida ni kwamba barabarani hakuna anayekuwekea ya kweli kando.

Mwanangu alikataa kuonja.

"Mama," akasema, "kama shida ni asali, mnayo ndani. Mnatudhalilisha kwa kitu mnacho?"

"Asali tunayo," yule bibi akasema. "Hatukuomba kwa njaa. Mtoto wetu anakwenda mbali, kwa watu tusiowajua. Tukiona asali mliyoleta tunajua mnasikilizana vipi kwenu, na mnanunua kwa nani. Hatujavunja jambo. Rudini, mje na asali. Hata chupa moja. Lakini uje wewe baba mwenyewe, na useme imerinwa wapi."

Hayo ni maneno ya watu wazima. Yalikuwa na mlango wazi. Mwanangu alichukua ndoo yake akaibeba mwenyewe mpaka kwenye gari.

Wakati wa kurudi nilimwambia dereva asimame Kagongwa. Nilishuka peke yangu. Yule jamaa wa kofia alikuwa hayupo, benchi lake tupu. Yule mama wa mwavuli alikuwepo, ndoo yake imejaa vilevile.

"Mayu," nikamwambia, "nataka asali yako. Na nataka kujua jina la shemeji yako na msitu wake."

Alifikiri. "Mayu, wewe ningekupa. Lakini asali hii itaingia kwenye gari la yule baba, na kesho akiiona imeganda atarudi kuniita mwizi tena. Tangu mlipoondoka wenzangu hapa wananiita mama sukari guru. Madereva wa malori wameshalisikia." Akanifutia kigoda nikae, kama mara ya kwanza, akanipa maji ya kunywa. Asali hakuniuzia. Nilikunywa maji nikarudi kwenye gari. Mwanangu alikuwa ametazama upande wa pili.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Asali ilipatikana. Mjukuu wangu mwenyewe aliomba ruhusa kwenye karasha, akaenda mpaka kwa mrinaji, akasimama naye msituni wakati wa kurina, akarudi na dumu la asali na jina la mtu na jina la msitu. Akaja nayo Mhunze. Akaiweka mbele ya baba yake.

"Baba, twende."

"Siendi."

"Baba, asali hii hapa. Ni kwenda kusema tu."

"Niende kujibu maswali kama mtoto wa darasa la kwanza? Mbele ya vijana wanaonicheka? Mimi nimepima pamba ya wilaya nzima."

"Hakuna anayekuuliza pamba, baba!"

Nilisema. Mshenga alisema. Padri alisema. Mke wake alipiga magoti. Nilimwambia mimi nitakwenda badala yake, nina miguu. Kule Ushirombo wakajibu kwa heshima kwamba bibi anakaribishwa siku zote, ila neno walilosema lilikuwa la baba. Sikuwalaumu. Mjukuu akaenda peke yake, akapokewa, akalishwa, akarudishwa na dumu lake. Yule binti alisubiri. Mvua zikaanza, mbegu zikaenda shambani, Krismasi ikapita. Alikuwa ananipigia simu. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu." Kisha tunanyamaza wote wawili, salio linaisha.

Siku moja hakusema shikamoo peke yake. Alisema, "Bibi, nimechoka kuulizwa kwetu kama baba mkwe wangu ameshapata muda." Nilimwambia nakuelewa. Nilisema kweli. Ameolewa Masumbwe, na nimesikia ana mtoto. Mjukuu wangu aliacha karasha akaenda kwenye maduara ya mbali zaidi, mashimo ya dhahabu wanakoshuka chini kwa kamba. Ananipigia mimi. Baba yake hampigii. Kila simu ikiita asubuhi sana moyo wangu unashuka naye chini ya ardhi.

Na ile ndoo? Ilirudi na sisi, ikakaa stoo nyuma ya magunia ya choroko. Hakuna aliyeigusa. Baada ya msimu kupita mwanangu aliitoa akaifungua uani. Chini ilikuwa imeganda, punje kubwa kubwa ngumu kama chumvi ya mawe, na juu bado maji matamu. Akaingiza kijiko, kikagota. Akaita nyumba nzima.

"Njooni mwone! Imeganda! Si mlisema asali ya kweli inaganda? Haya, imeganda! Nani mwongo sasa?"

Nilichukua punje moja nikaitafuna. Ilikwenda kwacha kwacha kama sukari ya dukani. Ile ya yule mama na ile ya Ushirombo zilikuwa laini ulimini, zinayeyuka. "Mwanangu," nikamwambia, "hata sukari inaganda. Wewe mwenyewe ulisema." Hakunisikia. Alikuwa ameshawaza lingine. Alimwambia mke wake atafute chupa tupu za maji, azioshe, aipashe ndoo moto ili ilainike, na siku ya mnada akae nayo kando ya barabara.

"Inawaka kiberiti," akasema. "Watu watanunua. Kwa nini hasara iwe yangu peke yangu?"

Mkwe wangu alikuwa tayari ameshika chupa. Nilisimama nikazichukua mikononi mwake. Mimi huwa sipigi kelele katika nyumba ile, kwa sababu ni nyumba ya mwanangu, lakini uwanja ni wa mume wangu marehemu, na siku hiyo niliongea kama mwenye uwanja. Niliwaita wote, wakubwa na wadogo, nikaweka ndoo katikati, nikasema:

"Ndoo hii haitoki getini. Si kwa kuuzwa, si kwa kugawiwa. Kuanzia kesho asubuhi chai ya nyumba hii inatiwa hiyo, kikombe cha baba wa nyumba kikiwa cha kwanza, mpaka iishe. Na mtu akija akauliza mnatumia nini, mtamjibu ni sukari."